Chipu tatu za 6264, moja tu inafanya kazi: nimeuziwa mbovu Kariakoo au dekoda inanichezea?

Kijana_wa_Tabata, Jumamosi saa 2:10 usiku

Wakuu habari za jioni. Nisaidieni kabla sijaenda kugombana na mtu Kariakoo kesho asubuhi.

Natengeneza kikompyuta cha Z80 kwenye bredibodi, kinatembea megahezi 4. Programu imo ndani ya 28C64 moja, na RAM nimeweka 6264 tatu. Kila chipu ni ya 8K, kwa hiyo jumla nina 32K: 8K za programu na 24K za RAM. Kuchagua chipu natumia dekoda ya 74LS138. Y0 inaenda kwenye 28C64, Y1, Y2 na Y3 zinaenda kwenye RAM tatu kwa mpangilio huo. Nilitarajia programu ianze 0000h, RAM ya kwanza 2000h, ya pili 4000h, ya tatu 6000h.

Kinachotokea: programu inaanza vizuri, taa zinawaka kama nilivyoandika. RAM ya 4000h inaandika na kusoma bila shida. Ya 2000h na ya 6000h ni maiti. Naandika chochote, nikisoma napata 7E. Naandika 00, napata 7E. Naandika FF, napata 7E. Na programu yoyote yenye CALL inapotea njia, nadhani kwa sababu staki nimeiweka 8000h ikishuka chini, na huko ndiko chipu ya tatu ilipo.

Nilirudi dukani Alhamisi nikanunua nyingine mbili. Hali ni ile ile. Nimejaribu hata kuzizungusha kwenye soketi. Ajabu, chipu yoyote nikiiweka soketi ya katikati inafanya kazi, nikiitoa pale inakufa tena. Muuzaji anasema zote ni mpya, mimi naona zimeng'olewa kwenye mashine za zamani, miguu ina alama za lehemu.

Je, hizi ni feki?

Sharo_wa_Sinza, saa 2:24 usiku

Mkuu pole. Dekoda ikishika chaneli moja na zingine hazishiki, mara nyingi ni dishi limesogea au kadi haijalipiwa. Zima, chomoa kadi, subiri dakika tano, rudisha. Ikigoma peleka kwa fundi wa ving'amuzi.

Kijana_wa_Tabata, saa 2:26 usiku

Kaka siyo king'amuzi. Ni chipu yenye miguu 16. Lakini asante.

Injinia_Mbezi, saa 2:41 usiku

Tatizo lako ni hesabu, siyo duka. 32K inahitaji njia 15 za anwani, maana 2 kwa kipeo cha 15 ni 32768. Hili halina mjadala. Sasa 6264 ina pini 13 tu za anwani, A0 mpaka A12. Kila chipu lazima ipate njia zote 15, la sivyo haijui iko wapi. Zile mbili zilizobaki umezipeleka wapi?

Pili, 74LS138 ni kubwa mno kwa kazi hii. Una chipu nne, tumia nusu ya 74LS139, A13 na A14 zinatosha. A15 iache inin'ginie, haikuhusu.

Babu_Kigamboni, saa 3:05 usiku

Mwanangu, angalia pini ya 26. Mwaka juzi nilitengeneza mzani wa umeme wa duka la jumla, ulikuwa ukisahau bei. Ukiugonga unakumbuka, ukiuacha unasahau. Nilibadilisha betri, nikabadilisha chipu, wapi. Mwisho nikakuta fundi aliyenitangulia aliweka 6264 kwenye soketi iliyochorwa kwa ajili ya chipu ya programu. 6264 ina pini mbili za kuiamsha: ya 20 inataka chini, ya 26 inataka juu. Kwenye 28C64 ya 26 haina kazi, kwa hiyo pale kwenye bodi ilikuwa haijaunganishwa popote. Inaelea hewani, mara juu mara chini. Niliivuta kwenye volti 5, mzani mpaka leo unapima.

Kijana_wa_Tabata, saa 3:12 usiku

Shikamoo babu. Pini ya 26 nimeiunganisha volti 5 kwenye zote tatu, nimepima na mita. Pini ya 20 ndiyo inatoka kwenye dekoda.

Babu_Kigamboni, saa 3:15 usiku

Marahaba. Basi siyo huo ugonjwa wangu.

Mama_Lehemu, saa 3:50 usiku

Kijana, usiende kumgombanisha mtu. Umeshajijibu mwenyewe: chipu yoyote ikikaa soketi ya katikati inafanya kazi. Basi chipu zote ni nzima. Kilichokufa ni soketi mbili za pembeni, au siyo kufa, ni kwamba zinaitika kwa jina jingine.

Kwanza hiyo 7E. Hukuisoma kutoka kwenye RAM. Nakisia unasoma kwa LD A,(HL). Nambari ya amri hiyo ni 7E. Prosesa ilichukua amri yenyewe kutoka kwenye 28C64, 7E ikapita kwenye njia za data, kisha ikauliza anwani 2000h na hakuna chipu iliyojibu. Njia za data hazina mtu wa kuzivuta, zikabaki na chaji ya mwisho kama ndoo iliyobaki na maji. Ukasoma mwangwi wa sauti yako. Chipu mbovu huwa inajibu upuuzi unaobadilika badilika, au biti moja imeganda. Jibu safi la 7E kila mara maana yake ni kwamba hapo hakuna mtu.

Sasa Injinia. Njia 15 kwa 32K ni kweli. Kosa ni kusema zote ziende kwenye kila chipu. Chipu ya 8K ina nafasi 8192, ambazo ni 2 kwa kipeo cha 13, na njia 13 zinazitosha zote. Ukiipa ya kumi na nne haina pa kuiweka. Hizo A0 mpaka A12 zinapita kwenye chipu zote nne kwa pamoja, sambamba, kama namba ya chumba inayofanana kwenye kila ghorofa. A13 na A14 haziendi kwenye chipu yoyote, zinaenda kwenye dekoda kusema ni ghorofa ipi. Kumi na tatu na mbili, kumi na tano. Dekoda ndiyo inayojua chipu iko wapi, chipu yenyewe haina haja ya kujua.

Njia rahisi ya kuhesabu bila kalkuleta: 1K ni njia 10, na kila ukikuza mara mbili unaongeza waya moja. 2K kumi na moja, 4K kumi na mbili, 8K kumi na tatu. Z80 ina 16, kwa hiyo inafika 64K na nyumba yako ni nusu tu ya kiwanja. Hiyo A15 nitairudia.

Kijana, kabla hujagusa waya, choma programu hii. Haina CALL wala PUSH, kwa hiyo staki haitusumbui. Nimedhani taa zako ziko poti 10h, badilisha kama sivyo.

```
        LD   HL,0E000h
        LD   DE,2000h
ANDIKA: LD   (HL),H
        OR   A
        SBC  HL,DE
        JR   NZ,ANDIKA
        LD   HL,2000h
SOMA:   LD   A,(HL)
        OUT  (10h),A
        LD   BC,0
NGOJA:  DEC  BC
        LD   A,B
        OR   C
        JR   NZ,NGOJA
        ADD  HL,DE
        JR   NC,SOMA
        HALT
```

Inagawa 64K yote katika vipande vya 8K. Mwanzoni mwa kila kipande inaandika jina la kipande chenyewe: E0, C0, A0, ikishuka mpaka 20. Kipande cha 0000h inakiacha, ni cha programu. Halafu inarudi kusoma kutoka chini kwenda juu na kukuonyesha kila jibu kwa karibu nusu sekunde. Usiandike na kusoma kipande kimoja kimoja, maana hutagundua chipu inayoitika kwa majina mawili. Andika vyote kwanza.

Niletee majibu saba kwa mpangilio.

Zuhura_mwaka_wa_2, saa 4:02 usiku

Samahani kuingilia, ila mama umenigusa. Jumatatu nina jaribio na swali la aina hii halikosi: jenga kumbukumbu ya 4K kwa biti 8 kwa kutumia chipu za 1K kwa biti 4. Mimi nimepata chipu nane, kwa hiyo dekoda ya matokeo manane, kwa hiyo njia tatu kwenye dekoda. Lakini 4K ni njia 12, chipu inachukua 10, zinabaki mbili tu. Ya tatu naitoa wapi?

Injinia_Mbezi, saa 4:09 usiku

Zuhura, hiyo ya tatu unachukua A15. (Na mama, nakubali kuhusu zile 13. Nilikuwa naongelea mfumo mzima.)

Mama_Lehemu, saa 4:30 usiku

Hapana, Zuhura usichukue popote. Chipu nane ni sahihi, njia mbili ni sahihi, kilichokosea ni dekoda. Chipu yako ina upana wa biti 4 tu, kama ile 2114 ya zamani. Baiti moja inahitaji mbili zikae bega kwa bega: mmoja anashika D0 mpaka D3, mwenzake D4 mpaka D7. Hao wawili wanaamshwa pamoja na waya moja, kwa sababu baiti yako iko nusu kwa huyu nusu kwa yule. Kwa hiyo una jozi nne, siyo chipu nane za kuchaguliwa. Dekoda ya njia mbili kwenda nne, na kila tokeo linaamsha jozi. Kupanua upana hakuli njia za anwani, kuongeza kina ndiko kunakokula.

Zuhura_mwaka_wa_2, saa 4:33 usiku

Aaah. Nilikuwa nahesabu vichwa. Asante sana mama.

Kijana_wa_Tabata, saa 5:20 usiku

Shikamoo mama. Ni kweli natumia LD A,(HL), na taa ziko poti 10h kweli, sijui umejuaje.

Majibu:

7E, 40, 7E, 80, 7E, C0, 7E.

Nimerudia mara nne, ni hayo hayo. Mara moja tu nilipogusa waya za data kwa kidole 7E ya mwisho ikawa FE. Lakini sielewi, 80 na C0 zimetoka wapi? Sina chipu 8000h wala C000h!

Mama_Lehemu, saa 5:41 usiku

Marahaba mwanangu. Poti 10h nimebahatisha.

Chipu unazo, zimehama. Umeandika RAM tatu na zimeitika tatu: 4000h, 8000h na C000h. Hakuna iliyokufa. Sasa niambie pini ya 1, ya 2 na ya 3 za 74LS138 umezipelekea nini. Nakisia: A15 kwenye pini ya 1, A14 ya 2, A13 ya 3.

Kijana_wa_Tabata, saa 5:44 usiku

Ndiyo hivyo hivyo! Pini ya 1 imeandikwa A, ya 2 B, ya 3 C. Nikaona A ni ya kwanza, basi nikaipa iliyo kubwa. Nimekosea?

Mama_Lehemu, saa 6:10 usiku

Umekosea, na nusu ya waliowahi kushika chipu hii walikosea hapo hapo. Kwenye 138, A ndiyo ndogo na C ndiyo kubwa. Inasoma CBA, siyo ABC. Kwa hiyo dekoda yako imekuwa ikisoma namba ya ghorofa kinyumenyume.

Fuata kwa kalamu. Ukiomba 2000h, A15 A14 A13 ni 001. Dekoda inaisoma 100, ambayo ni nne, inashusha Y4. Hapo hujaweka kitu, unapata 7E. Ukiomba 8000h, biti ni 100, inaisoma 001, inashusha Y1. Hapo kuna RAM yako ya kwanza. Ukiomba 6000h ni 011, inasomwa 110, Y6, hakuna kitu, na ndiyo maana CALL inapotea: anwani ya kurudi imeandikwa hewani. Na C000h ni 110, inasomwa 011, Y3, RAM yako ya tatu.

Kwa nini mbili zilifanya kazi? Kwa sababu 000 na 010 zinasomeka sawa mbele na nyuma. Kama 000 isingekuwa hivyo, programu yenyewe isingeanza na ungegundua siku ya kwanza. Ubaya wa kosa hili ni kwamba linakuachia kikompyuta kinachopumua, halafu unalaumu chipu.

Badilisha waya ya pini 1 na ya pini 3. Basi. Unaweza pia kuacha waya zilivyo na kuweka staki E000h, lakini RAM yako itakuwa visiwa vitatu vyenye bahari katikati, na huwezi kuwa na jedwali linalozidi 8K.

Kijana_wa_Tabata, saa 6:31 usiku

20, 40, 60, 7E, 7E, 7E, 7E.

Dah. Na CALL inafanya kazi. Mama Mungu akubariki. Chipu tano ninazo sasa, wiki mbili sikulala.

Injinia_Mbezi, Jumapili saa 3:15 asubuhi

Hongera. Ila bado nasema ungetumia 139 na A13, A14 peke yake, usingekutana na huu mkanganyiko. Nina bodi yangu imefanya kazi hivyo miaka.

Mama_Lehemu, saa 4:40 asubuhi

Injinia hapo hujakosea, inafanya kazi. Lakini uwaambie na bei yake. A15 usipoisikiliza, prosesa inaposema 8000h chipu zinasikia 0000h. Kila kitu kinaonekana mara mbili. Ukiendesha ile programu yangu kwenye bodi yako utapata 20, 40, 60, halafu 21, halafu tena 20, 40, 60. Ile 21 pale 8000h ni baiti ya kwanza ya programu yenyewe, amri ya LD HL. Kwa bodi ambayo haitakua, hakuna ubaya. Siku ukitaka kuongeza chipu ya tano pale 8000h, chipu mbili zitajibu kwa pamoja na kuvutana kwenye njia za data. Kwenye 138 chipu ya tano inangoja Y4.

Na wewe mwenye kivuli cha hivyo, hakikisha pini ya kuandikia ya 28C64, ya 27, iko volti 5 na haijaunganishwa na WR. La sivyo siku programu ikiandika 8000h kwa bahati mbaya, imejiandikia juu yake yenyewe.

Injinia_Mbezi, saa 4:52 asubuhi

Yangu iko WR. Hmm. Kuna siku bodi ilisahau programu nikalaumu umeme.

Kijana_wa_Tabata, saa 10:18 jioni

Wakuu nimerudi. Nilidhani tumemaliza, kumbe.

Nimeandika programu ya kupima RAM yote baiti kwa baiti. Inajaza 00 kutoka 2000h mpaka 7FFFh, halafu inatoa 55h kwenye taa ili nijue kujaza kumeisha, kisha inasoma zote. Kati ya baiti 24,576, moja tu ina kosa. Anwani 5510h, inatakiwa 00, inasoma 55. Kila mara, hapo hapo.

Nikasema sasa hii kweli ni chipu mbovu. Nikaibadilisha (ninazo tano), kosa limebaki 5510h. Halafu nikabadilisha taa zitoe AAh badala ya 55h, kosa likatoweka kabisa! RAM inapenda taa za aina moja?

Babu_Kigamboni, saa 10:40 jioni

Weka kapasita ya 100 nano karibu na kila chipu. Taa zikiwaka umeme unashuka.

Kijana_wa_Tabata, saa 10:44 jioni

Zipo babu, kila chipu na yake. Na 55 na AA zote zinawasha taa nne.

Mama_Lehemu, saa 1:05 usiku

Kapasita ni ushauri mzuri siku zote, ila huyu mwizi ameacha jina lake ukutani. Soma hiyo anwani pole pole: 55, halafu 10. Umetoa nini kwenye taa? 55h. Kwenye poti gani? 10h.

Z80 ikifanya OUT (10h),A inaweka namba ya poti kwenye A0 mpaka A7, na kilichomo kwenye A inakiweka kwenye A8 mpaka A15. Kwa hiyo njia za anwani zinasomeka 5510h. Inashusha WR kama kawaida ya kuandika. Tofauti ya kuongea na poti na kuongea na kumbukumbu iko kwenye waya mbili tu: kwa poti inashusha IORQ, kwa kumbukumbu inashusha MREQ. Dekoda yako haijaambiwa kuhusu MREQ. Inaona 5510h, inaamsha Y2, RAM inaona WR, inaandika 55. Taa zinapata, na RAM inapata.

AAh haikuleta kosa kwa sababu AA10h iko nje ya chipu zako. Ukitaka uhakika kabla ya kugusa waya, toa 32h kwenye taa. Utakuta kosa limehamia 3210h.

Niambie pini 4, 5 na 6 za 138 ziko wapi.

Kijana_wa_Tabata, saa 1:32 usiku

3210h!!! Inasoma 32. Mama wewe mganga.

Pini 4 na 5 ziko graundi, pini 6 iko volti 5. Nilisoma kwamba ndivyo inavyowashwa, nikaiwasha moja kwa moja.

Mama_Lehemu, saa 1:50 usiku

Inawashwa hivyo, lakini haitakiwi kuwaka muda wote. Pini ya 4 itoe graundi, ipe MREQ. Ya 5 na ya 6 ziache. Prosesa isipoongea na kumbukumbu, matokeo yote manane yanakaa juu na chipu zote zinalala.

Ukija kuweka vitufe na kuvisoma kwa IN ungeumia zaidi, kwa sababu RAM na vitufe wangeendesha njia za data kwa wakati mmoja. Hapo huoni kosa lenye anwani safi namna hii, unaona vitufe vinavyobadilika kulingana na kilichomo kwenye A.

Injinia_Mbezi, saa 2:07 usiku

Pini ya 6 ipe RFSH. Z80 inashusha MREQ pia wakati wa kuburudisha kumbukumbu, kwa hiyo dekoda itaamsha chipu bure kila baada ya kuchukua amri. RFSH ikiwa chini, pini ya 6 inazima dekoda. Safi na haigharimu kitu.

Mama_Lehemu, saa 2:15 usiku

Ni kweli inashusha. Lakini wakati huo RD na WR zote ziko juu, chipu inaamka, haiambiwi kitu, inalala. 6264 haihitaji kuburudishwa na haidhuriki. Mimi siweki, waya moja pungufu ya kukatika.

Injinia_Mbezi, saa 2:19 usiku

Chipu inayoamka inakula umeme. Mwenye betri ataisikia.

Mama_Lehemu, saa 2:22 usiku

Pima utuletee, miliampia ngapi na waya na ngapi bila waya.

Injinia_Mbezi, saa 2:25 usiku

Nitapima. Kwanza nahamisha pini ya 27 ya bodi yangu.

Kijana_wa_Tabata, saa 2:58 usiku

MREQ imeingia pini ya 4. Nimejaribu 55h, 32h, 41h, 7Fh: makosa sifuri kwenye zote. Nilitaka kupima na hiyo RFSH ili tumalize ubishi, lakini umeme umekatika Tabata nzima, naandika hapa kwa tochi ya simu. Kesho.

Kuna mtu anahitaji 6264 mbili? Nzima kabisa, nimezipima mwenyewe.

Sharo_wa_Sinza, saa 3:10 usiku

Zinaingia kwenye laptopu?